Gari Linapojipimia Nafasi ya Kuegesha: Linachosikia na Kinacholipita

Gari lenye mfumo wa kujiegesha linakutaka ufanye mambo machache tu. Unabonyeza kitufe chenye herufi P na alama ya usukani, unapita polepole kando ya magari yaliyosimama, na skrini ikisema nafasi imepatikana unaweka gia ya kurudi nyuma. Kuanzia hapo usukani unajizungusha wenyewe. Katika magari mengi ya aina hii mafuta na breki bado ni kazi ya miguu yako, nayo kazi hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu gari lako halijaiona ile nafasi. Limetoa sauti, sauti haikurudi, likahesabu kwamba pale hakuna kitu. Nafasi, kwa gari hilo, ni ukimya wenye urefu fulani.

Ukilielewa hilo, utaweza kukisia karibu makosa yake yote kabla hayajatokea. Ama kuna kitu pale ambacho hakikurudisha sauti, ama urefu wa ule ukimya umehesabiwa vibaya. Mwongozo huu unahusu kuegesha sambamba na ukingo wa barabara, baina ya gari la mbele na la nyuma, maana hapo ndipo kupima kunahitajika zaidi na ndipo makosa yanapogharimu bati na vioo.

Kwanza hakikisha gari lako linao mfumo huo

Magari mengi yanayoingia Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani yana vihisi vinne kwenye bampa la nyuma, vile vinavyolia unaporudi nyuma. Hivyo pekee havipimi nafasi. Gari linalopima nafasi kwa sauti lazima liwe na kihisi kinachotazama ubavuni, kwenye pembe ya bampa la mbele, mbele kidogo ya gurudumu. Ni kiduara chenye upana wa kama sarafu, kilichopakwa rangi ya bampa. Ukihesabu vihisi vyote ukapata kumi au kumi na viwili, vinne mbele, vinne nyuma na vilivyobaki pembeni, basi gari lako lina uwezekano mkubwa wa kupima nafasi.

Jihadhari na Prius za zamani. Toyota walianza kuuza Prius yenye uegeshaji wa kujiendesha huko Japani mwaka 2003, lakini ile haikupima nafasi kwa sauti. Dereva alionyeshwa picha ya kamera ya nyuma na kisanduku juu yake, naye ndiye aliyekisogeza kisanduku hadi mahali anapotaka gari likae. Kuamua kwamba gari linatosha kulikuwa juu yake. Kama gari lako linakuonyesha kisanduku cha kusogeza na maandishi ya Kijapani, huenda una mfumo wa namna hiyo, na sehemu kubwa ya yanayofuata hapa haitakuhusu.

Urefu unavyopatikana

Kihisi cha ubavuni hutoa mlio mfupi wa masafa ya juu, zaidi ya kilohezi 40, ambao sikio la mtu haliusikii. Kisha hunyamaza na kusubiri mwangwi. Katika hewa yenye joto la nyuzi 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, hivyo gari lililo mita moja pembeni yako hurudisha mwangwi baada ya milisekunde sita hivi: mita moja kwenda na mita moja kurudi. Mwangwi ukichelewa sana, au usiporudi kabisa hadi muda wa kusubiri uishe, pale panaandikwa kuwa patupu. Kihisi kizuri cha ubavuni husikia hadi mita nne au zaidi kidogo.

Lakini hayo yote yanakupa umbali wa pembeni tu. Urefu wa nafasi, yaani kutoka bampa la gari moja hadi la jingine, haupimwi na sauti. Unapimwa na magurudumu yako. Karibu na kila gurudumu kuna pete yenye meno inayotumiwa na breki za ABS, na kwa magari mengi meno hayo huwa karibu 48. Tairi la 205/55 R16 likizunguka mara moja linasogeza gari takriban mita 1.98, kwa hiyo kila jino ni kama sentimita nne za barabara. Kompyuta ya gari inaanza kuhesabu meno pale mwangwi unapopotea, na inaacha pale mwangwi unaporudi. Hesabu hiyo ndiyo urefu.

Kuna ugumu mmoja kwenye kona. Sauti haitoki kwenye kihisi ikiwa nyembamba kama uzi, inatawanyika. Tuseme inatawanyika digrii 20 kila upande, nawe unapita mita moja kutoka kwenye magari. Kihisi kitaanza kuisikia kona ya gari la mbele sentimita 36 kabla hujafika usawa wake, na kile kitakachosikika kitasema umbali ni mita 1.06. Kadiri unavyosogea, 1.06 inashuka taratibu hadi 1.00, halafu inatulia. Mahali inapotulia ndipo kona ilipo hasa. Kompyuta isingefanya marekebisho hayo, nafasi ya mita 5.3 ingeonekana kuwa na mita 4.6 tu, maana kila kona ingekula sentimita 36 zake.

Hapa ndipo mwendo wako unapoingia. Ukipita kwa kilomita 10 kwa saa na kihisi kikilia kila baada ya milisekunde 40, kinapata kipimo kimoja kila sentimita 11. Kwenye zile sentimita 36 za kona kinapata vipimo vitatu, vinavyotosha kuona umbali ukishuka na kutulia. Ukipita kwa kilomita 30 kwa saa, kipimo kinakuja kila sentimita 33, na kona nzima inabaki na kipimo kimoja tu. Mifumo mingi huruhusu kutafuta nafasi hadi kilomita 30 au 40 kwa saa, lakini kuruhusiwa hakufanyi kipimo kiwe kizuri. Ningekushauri upite kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, gari likiwa limenyooka, na kati yako na magari yaliyosimama pabaki kama mita moja. Ukiyumba katikati ya nafasi, umbali wa pembeni unabadilika na kona zinachanganyika.

Baada ya kupima, gari linalinganisha urefu huo na urefu wake lenyewe. Mifumo ya mwanzo ilidai zaidi ya mita moja ya ziada. Mingi ya sasa inatosheka na sentimita 80 hivi. Gari la mita 4.5 litakubali nafasi ya mita 5.3. Zile sentimita 80 ndizo akiba yako yote ya mbele na nyuma, na ndani yake mna makosa ya kona, ya meno na ya tairi. Ukiona nafasi ambayo wewe mwenyewe usingeithubutu na gari limeikubali, kumbuka akiba hiyo ni ndogo kiasi gani.

Jambo dogo kwa msomaji wa Bujumbura au popote ambapo watu huendesha upande wa kulia huku wengi wakiwa na magari ya usukani wa kulia: usipowasha indiketa, mifumo mingi hutafuta nafasi upande wa abiria tu. Kwako huo ni upande wa katikati ya barabara. Washa indiketa ya kulia ndipo kihisi cha upande wa dereva kianze kazi.

Kenta iliyosimama mbele ya nafasi

Sasa twende kwenye kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote, kwa sababu linatokea gari likiwa zima, likifanya kazi yake sawasawa, na bila kulia hata mara moja.

Kihisi cha ubavuni kiko takriban nusu mita kutoka ardhini. Kwa juu na chini nako sauti inatawanyika kwa kiasi, tuseme digrii 25. Ukiwa mita moja kutoka kwenye kitu, kihisi kinasikia hadi urefu wa sentimita 97 hivi. Ukiwa sentimita 60, kinasikia hadi sentimita 78 tu. Sasa fikiria Kenta iliyoegeshwa. Bodi lake la mizigo liko karibu mita moja kutoka ardhini, na linaning'inia nyuma ya magurudumu. Kama haina bomba la chini la kuzuia magari madogo yasiingie chini ya bodi, au bomba hilo limekatwa, basi chini ya mkia ule hakuna kitu ila hewa. Sauti inapita chini ya bodi na kuendelea. Kitu cha kwanza kinachorudisha mwangwi ni tairi la nyuma.

Chukua namba hizi. Gari lako lina urefu wa mita 4.5. Nyuma ya nafasi kuna gari dogo, mbele kuna Kenta. Kutoka bampa la gari dogo hadi tairi la Kenta ni mita 6.0, na mkia wa bodi unatoka nyuma ya tairi kwa mita 1.1. Kompyuta yako imehesabu ukimya wa mita 6.0, na kwa kuwa inahitaji 5.3, inafurahia kukutangazia nafasi pana. Nafasi ya kweli, kutoka bampa hadi mkia, ni mita 4.9. Umebaki na sentimita 40 tu, ambazo mfumo wenyewe ungezikataa kama ungezijua.

Angalia gari linavyoingia. Linarudi nyuma likipinda kushoto, mkia ukitangulia, na ubavu wake wa kushoto unapita karibu na kona ya nyuma ya gari la mbele. Njia hiyo imechorwa ili ikwepe tairi la Kenta. Kona ya bodi iko mita 1.1 nyuma ya tairi hilo, ndani kabisa ya njia iliyochorwa, na kwa urefu wa kioo cha mlango wako. Kitakachoguswa kwanza ni saiti mira ya kushoto, au nguzo ya kioo cha mbele, au boneti pua inapofagia kuingia ndani. Wakati huo huo wewe macho yako yako nyuma, kwenye kamera na gari dogo, kwa sababu huko ndiko unakokwenda. Vihisi vya mbele na vya pembeni vinaendelea kusikiliza chini ya bodi na kukuta kimya.

Kwa hiyo kanuni ya kufuata ni hii: jirani akiwa lori, pikapu yenye mabomba au mbao zinazotokeza nyuma, au tela, usikubali kipimo cha gari. Kipime wewe. Simama sambamba na nafasi kabla ya kuendelea, pua yako ikiwa usawa wa ncha ya mwisho ya mzigo au bodi, si usawa wa tairi. Kisha tazama nyuma: kama mkia wa gari lako unalipita bampa la gari dogo, au umebakiza chini ya hatua moja ya mtu mzima, iache nafasi hiyo. Kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye ncha ya mbao kimewekwa kwa ajili ya macho ya mtu. Kihisi hakikioni wala hakikisikii.

Kama huna nafasi nyingine na lazima uingie hapo, ingia kwa mikono yako. Mfumo huachia usukani mara tu unapoushika kwa nguvu, na hakuna kinachoharibika.

Mawe, minyororo na mtaro

Hesabu ile ile ya digrii 25 inafanya kazi kuelekea chini, na inaleta dalili moja ambayo kila dereva anapaswa kuizoea. Jiwe la urefu wa sentimita 20 limewekwa kuzuia nafasi mbele ya duka, kama yanavyowekwa mengi. Likiwa mita moja nyuma ya bampa lako, kihisi kinasikia karibu hadi ardhini, kwa hiyo kinalipata na kinaanza kulia. Unasogea. Likiwa sentimita 40, kihisi kinasikia kuanzia sentimita 31 kwenda juu, na jiwe la sentimita 20 limezama chini ya sauti. Mlio unakoma. Wengi wanauchukua ukimya huo kuwa ni ruhusa ya kuendelea, ilhali jiwe liko karibu zaidi kuliko mlio ulipokuwa ukisikika.

Mlio ukianza, kisha ukapungua au kukatika huku gari lako bado linasogea upande ule ule, kanyaga breki na ushuke. Hapana sababu nzuri ya kitu kutoweka wakati unakikaribia.

Mnyororo uliofungwa kati ya vinguzo viwili una shida nyingine. Mviringo mwembamba unarudisha sauti kidogo mno, na kwa sehemu kubwa kihisi kitasikia kile kilicho nyuma yake. Ndivyo ilivyo kwa waya, nguzo nyembamba ya kibao, na fremu ya baiskeli. Pikipiki iliyoegeshwa ndani ya nafasi huonekana mara nyingi kwa sababu ya injini na tangi, lakini si kila mara, hasa kama imesimama imeelekeza gurudumu la mbele kwako. Vitu laini navyo humeza sauti: magunia ya mkaa, godoro, turubai lililolegea, koti zito la mtu aliyesimama. Mtu aliyekuja kukuelekeza na kusimama katikati ya nafasi asichukuliwe kuwa ameshaonekana na gari.

Halafu kuna mtaro. Katika miji yetu mitaa mingi haina ukingo wa zege ulioinuka. Barabara inaishia kwenye mtaro ulio wazi. Kihisi husikia kinachotokeza, na shimo halitokezi. Kwa sauti, mtaro wa kina cha nusu mita na lami tambarare ni kitu kimoja. Penye ukingo wa zege wa sentimita 15, kihisi huweza kuusikia na kulipanga gari kwa kuufuata, ingawa ukingo mfupi hurudisha mwangwi dhaifu. Pasipo na ukingo, mfumo unabaki na jambo moja tu la kulifuata, nalo ni ubavu wa nje wa magari ya jirani. Unalipanga gari lako liwe mstari mmoja nayo.

Hilo linaonekana la busara mpaka ukumbuke kwamba magari hayana upana mmoja. Jirani zako ni Vitz mbili, kila moja ina upana wa mita 1.69, na zimeegeshwa vizuri, matairi yao ya kushoto yakiwa sentimita 20 kutoka kwenye mtaro. Gari lako ni RAV4 yenye upana wa mita 1.85. Likipangwa ubavu kwa ubavu na Vitz kwa upande wa barabara, ule upana wa ziada wa sentimita 16 wote unakwenda upande wa mtaro. Matairi yako yanabaki sentimita nne kutoka ukingoni, na hapo tumechukulia kwamba kipimo hakikukosea hata kidogo. Tena gurudumu la nyuma la kushoto ndilo linalotangulia kufika ndani, kabla pua haijanyooka. Jirani wakiwa wamepanda nusu juu ya njia ya waenda kwa miguu, gari lako litawafuata huko huko, lipande ukingo kwa pembe na kuchuna rimu au kupasua ubavu wa tairi.

Penye mtaro, mimi sioni sababu ya kuutumia mfumo huu kabisa. Kama utautumia, mteremshe abiria kwanza asimame pembeni, si ndani ya nafasi, akutazamie gurudumu la nyuma la upande wa mtaro. Kioo cha pembeni kikishushwa hadi ulione tairi kinasaidia pia, na baadhi ya magari hukishusha chenyewe ukiweka gia ya nyuma.

Matairi yasiyo ya gari

Urefu wa nafasi unahesabiwa kwa meno, na kompyuta inaamini kwamba kila jino ni sentimita nne kwa sababu kiwandani iliambiwa gari lina tairi fulani. Fundi akibadilisha saizi, hakuna anayeiarifu kompyuta.

Tuchukue gari lililotoka na 205/55 R16, likawekewa 195/50 R16 zilizopatikana kwa bei nzuri. Mzunguko wa tairi umeshuka kutoka mita 1.98 hadi 1.89, yaani karibu asilimia tano. Sasa gurudumu linazunguka zaidi kwa umbali ule ule, meno yanakuwa mengi, na kompyuta inadhani umepita mahali parefu zaidi. Nafasi ya kweli ya mita 5.05 itahesabiwa kuwa 5.3 na kukubaliwa. Akiba ya sentimita 80 imekuwa 55 bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi.

Wanaoinua magari kwa matairi makubwa wana kosa la upande wa pili. Tukiweka 215/65 R16 mahali pa yale ya mwanzo, mzunguko unaongezeka kwa asilimia nane na nusu. Nafasi nzuri ya mita 5.6 itahesabiwa kuwa chini ya 5.2 na kukataliwa, jambo ambalo linakera tu. Hatari iko kwenye kurudi nyuma: gari likipanga kurudi mita nne, kwa kweli litarudi mita 4.34 kabla ya kuanza kugeuza usukani, na litaingia ndani zaidi kuliko lilivyokusudia. Ndiyo maana vitabu vya magari haya hukataza kutumia mfumo ukiwa umefunga tairi dogo la akiba. Likifungwa upande mmoja tu, gurudumu hilo linahesabu tofauti na mwenzake na gari linadhani linapinda hali linakwenda moja kwa moja.

Kuna mengine madogo ambayo hayahitaji maneno mengi. Tope au tone zito la mvua juu ya kihisi hukifanya kisikie kitu kisichokuwepo, na utakataliwa nafasi zilizo wazi; kifute kwa kitambaa kibichi, usikirushie maji ya shinikizo ukiwa karibu. Hewa inayofyatuka kwenye breki za basi au lori ina kelele za masafa yale yale ya kihisi, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa lori likiwa linafyatua breki kando yako kirudiwe. Bampa lililopigwa rangi upya mara mbili juu ya kihisi, au kihisi kilichorudishwa kikiwa kimeinama kidogo baada ya ajali, hupunguza usikivu kwa namna ambayo haionekani kwa macho. Joto la mchana huongeza mwendo wa sauti, kutoka mita 343 kwa sekunde hadi 352 kwenye nyuzi 35, lakini gari hurekebisha kwa kipimajoto chake, na hata lisiporekebisha, kosa ni sentimita mbili au tatu kwa kila mita ya pembeni. Urefu wa nafasi hauguswi, kwa kuwa magurudumu hayajali joto la hewa.

Kulipima gari lako

Unaweza kujua gari lako linakosea kwa kiasi gani bila mashine yoyote. Tafuta uwanja tambarare, marafiki wawili wenye magari madogo ya kawaida, na futi ya fundi seremala ya mita sita au zaidi. Tafuta kwenye kitabu cha gari urefu wa gari lako na ziada ambayo mfumo unaihitaji. Kwa gari letu ni 4.5 na 0.8. Yaweke magari yao yakiwa yamenyooka, yameachana kwa mita 5.7. Pita kwa mwendo mdogo, mita moja pembeni, indiketa ikiwa imewashwa, ungoje uambiwe kama nafasi ipo. Usiingie, unapima tu. Kisha sogeza gari moja karibu na jingine kwa sentimita 10 na upite tena, na tena, mpaka gari likatae. Kila kipimo kipite mara mbili au tatu, kwa sababu kona zinaweza kukupa tofauti ya sentimita kadhaa.

Gari linaloanza kukataa karibu na mita 5.3 liko sawa. Likikataa mapema, kwenye 5.6, shuku matairi makubwa au kihisi kichafu. Likiendelea kukubali hadi mita 5.1 au chini yake, linajiongezea urefu usiokuwepo: soma namba zilizo ubavuni mwa matairi yote manne, uzilinganishe na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, na kama zinalingana, mpelekee fundi akikague kile kihisi cha ubavuni kabla hujaliachia tena lijiegeshe.